Muhtasari ulioandaliwa na akili mnemba: sahihi ya daktari inatosha?

*"Mimi ni mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya. Madaktari wangu vijana wameanza kutumia akili mnemba kuandaa muhtasari wa mgonjwa anaporuhusiwa, na kampuni moja inataka kutuuzia programu inayosikiliza mazungumzo ya daktari na mgonjwa kisha kuandika maelezo yenyewe. Kazi inatoka nzuri kuliko tulivyozoea. Je, daktari akiusoma muhtasari na kuuwekea sahihi, inatosha? Na kukitokea kosa, anayewajibika ni nani?"*

Ndugu Mganga Mfawidhi, sahihi ni lazima, lakini haitoshi. Sababu iko zaidi kwenye macho yetu kuliko kwenye programu. Maandishi yaliyonyooka, yasiyo na kosa la tahajia, humtuliza msomaji. Daktari aliyekesha zamu akiletewa ukurasa safi huupitia kwa kutafuta kilichokaa vibaya, na akili mnemba haikosei kwa kukaa vibaya. Hukosea kwa sentensi inayopendeza.

Kuna jaribio lililofanyika Marekani ambalo ningependa kila mkuu wa kitengo alijue. Madaktari 20 wa huduma ya msingi walipewa, katika mazingira ya kuigiza, rasimu 18 za majibu kwa wagonjwa zilizoandaliwa na akili mnemba. Rasimu 4 zilipandikizwa makosa kwa makusudi. Daktari mmoja tu kati ya hao 20 ndiye aliyeyashughulikia makosa yote manne, na kati ya asilimia 35 na 45 ya rasimu zenye makosa zilitumwa bila kubadilishwa hata neno. Hawa hawakuwa wazembe. Waliwekwa kwenye kazi ambayo binadamu haiwezi vizuri, yaani kusoma kitu kizuri huku akikitilia shaka. Kwa hiyo ukiiandikia hospitali yako kanuni moja tu, kwamba "daktari ahakiki kabla ya kusaini", umemwachia mtu mmoja mzigo wote bila kumpa nyenzo.

Nikupe mfano. Nimeutunga, lakini kila kipande chake ni cha aina utakayoiona ukikaa na majalada ya wodi zetu.

Mzee wa miaka 67, mgonjwa wa kisukari anayetumia glibenklamidi na metformini, analetwa akiwa ameharisha siku nne na amekauka maji. Kreatinini, kipimo cha figo, ni 310, juu mno. Analazwa, anatundikiwa dripu. Usiku wa pili muuguzi anamkuta analoa jasho na kuongea ovyo. Anapima sukari kwa glukomita, inasoma 2.4, chini mno. Anapewa deksitrozi kwenye mshipa, anazinduka. Asubuhi kwenye raundi daktari bingwa anakata glibenklamidi na metformini kwenye karatasi ya dawa, kwa kalamu, na kumwambia intani kwamba figo hizi haziwezi kuitoa glibenklamidi, itaendelea kukaa mwilini na kushusha sukari. Siku ya tano kreatinini imeshuka hadi 168, mzee anakula, anaruhusiwa. Intani anafungua programu, inasoma kilichomo kwenye kompyuta, inatoa muhtasari. Mistari miwili ya mwisho inasema: "Sukari ilidhibitiwa vizuri kipindi chote cha kulazwa. Aendelee na dawa zake za kawaida za kisukari."

Sentensi hizo mbili zinaweza kumuua mzee huyo nyumbani usingizini. Na hakuna mahali ambapo programu imeharibika. Kwenye kompyuta kulikuwa na vipimo viwili tu vya sukari kutoka maabara, na vyote vilikuwa vizuri. Ile 2.4 ilikuwa kwenye daftari la wauguzi. Dawa zilizokatwa zilikuwa kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani. Orodha ya dawa pekee ambayo programu iliiona ni ile aliyoandika daktari wa mapokezi siku ya kwanza. Pengo lililobaki ikalijaza kwa maneno ambayo mihutasari mingi huishia nayo, kwa sababu ndivyo programu hizi zinavyofanya kazi: zinatabiri maneno yanayofuata kwa kawaida, hazijui kwamba kuna karatasi ambayo hazijaiona.

Hapa ndipo hospitali zetu zinapotofautiana na zile ambako programu hizi zilijaribiwa. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kalifonia, San Fransisko, ililinganisha mihutasari ya wagonjwa 100 iliyoandikwa na madaktari na ile iliyoandikwa na akili mnemba, matokeo yakatoka mwaka 2025. Wakaguzi waliona ubora wa jumla unakaribiana. Ya akili mnemba ilikuwa mifupi zaidi na imepangika zaidi, lakini iliacha mambo mengi zaidi, na ilikuwa na wastani wa makosa 2.9 kwa kila muhtasari dhidi ya 1.8 kwa madaktari, mengi yakiwa madogo. Kumbuka kwamba kule takriban kila kitu kimo ndani ya kompyuta. Kwako, hata kama mnatumia vizuri GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa kompyuta wa hospitali, nusu ya yaliyompata mgonjwa wodini huenda imo kwenye karatasi. Ukichukua matokeo yao na kuyaleta kwako yalivyo, unajidanganya.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye programu ni hili: inasoma nini, na haisomi nini? Chukua majalada kumi ya wagonjwa waliokwisha kuruhusiwa, kaa na muuguzi kiongozi wa wodi, na kwa kila moja andikeni ni taarifa zipi zilizobadilisha matibabu na zilikuwa zimeandikwa wapi. Mkikuta kwamba dawa zilizositishwa hazifiki kwenye kompyuta, basi kifungu cha dawa kisiandikwe na programu kabisa. Kibaki kitupu mpaka daktari akijaze kwa mkono, akiwa ameshika karatasi ya dawa, kwa mafungu matatu: zinazoendelea, zilizobadilishwa, zilizositishwa na kwa nini. Nafasi tupu humlazimisha mtu kufikiri. Nafasi iliyojazwa vibaya humwondolea haja hiyo. Ningefanya hivyohivyo kwa mzio na kwa majibu ya vipimo ambayo hayajarudi mgonjwa anapoondoka, maana programu haiwezi kuripoti jibu ambalo halipo, nayo hukaa kimya. Sehemu zinazobaki, kama historia ya kulazwa na mwenendo wa wodini, programu inaweza kuziandalia rasimu, na hapo itakuokolea muda wa kweli.

Sasa hiyo programu ya kusikiliza. Ina hatari zake, na kwa Kiswahili zinaongezeka. Watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Cornell waliichunguza Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi ambayo baadhi ya zana za hospitali zimejengwa juu yake, wakachapisha matokeo mwaka 2024. Katika takriban asilimia 1 ya rekodi, iliandika virai au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezisema, na karibu 4 kati ya kila 10 za hizo zilikuwa za kudhuru. Maneno ya kubuniwa yalijitokeza zaidi pale mzungumzaji aliponyamaza kwa muda mrefu. Fikiria basi kliniki yako ya wagonjwa wa kiharusi, wanaotafuta neno kwa sekunde kadhaa. Na rekodi hizo zilikuwa za Kiingereza, lugha ambayo programu imefundishwa zaidi kuliko zote.

Kwetu jaribu mambo haya kabla ya kusaini mkataba, na ujaribu kwa sauti za wagonjwa halisi waliokubali, siyo za wafanyakazi wa kampuni. Mgonjwa akisema "nameza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku", angalia kama imeandikwa saa 8:00 na 20:00 au saa 2:00. Mama akisema mtoto "anaendesha tangu juzi", tazama kilichoandikwa. Na hili ndilo ninaloliogopa zaidi: daktari anauliza "Hujawahi kupata mzio wa sindano?", mgonjwa anajibu "Ndiyo", akimaanisha kweli, hajawahi. Programu iliyozoea mantiki ya Kiingereza inaweza kuandika kwamba ana mzio. Kinyume chake pia hutokea: mgonjwa anajibu "hapana", akimaanisha usemavyo sivyo, nimewahi, na programu inaandika kwamba hana. Suluhisho la hili halihitaji fundi: wazoeshe matabibu wako kuuliza maswali ya mzio kwa namna isiyo na ukanushi, na mgonjwa akijibu warudie jibu lake kwa sauti, "Kwa hiyo sindano ya penisilini ilikutoa vipele." Hapo programu nayo ina kitu cha wazi cha kuandika.

Nije kwenye uandishi. Mwandishi wa maelezo ya kitabibu ni yule anayeweza kuitwa kesho kuyaeleza. Programu haiwezi kuitwa, kwa hiyo haiwi mwandishi. Lakini kwa sababu hiyohiyo, intani ambaye hakuwahi kumwona mgonjwa naye asisaini muhtasari wake kwa vile tu programu imeurahisisha. Weka kanuni kwamba anayesaini ni aliyemhudumia mgonjwa au aliyekabidhiwa rasmi na aliyemhudumia. Chini ya muhtasari paandikwe kwamba rasimu iliandaliwa kwa programu fulani, toleo fulani, ikahakikiwa na fulani, tarehe na saa. Daktari wa kituo kingine atakayempokea mgonjwa ana haki ya kujua anasoma maandishi ya namna gani, na mgonjwa pia.

Nyuma ya pazia, mfumo uhifadhi vitu vitatu: rasimu kama ilivyotoka, mabadiliko aliyofanya daktari, na nakala iliyosainiwa. Kampuni inaweza kutaka kufuta rasimu mara tu daktari anapobonyeza kitufe cha kukubali. Usikubali. Bila rasimu, siku kosa likitokea hutaweza kujua kama sentensi ile iliandikwa na programu au na mtu, na daktari wako atahukumiwa kwa jambo ambalo halithibitiki. Sauti ni suala gumu kidogo. Kuifuta mapema kunalinda siri ya mgonjwa, lakini kunaondoa ushahidi pekee wa kilichosemwa. Msimamo wangu ni kwamba ihifadhiwe mpaka maelezo yasainiwe na sampuli ya ukaguzi wa kipindi hicho imalizwe, kisha ifutwe, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla kinasa sauti hakijawashwa. Akikataa, daktari aandike mwenyewe kama zamani, na huduma isipungue.

Ukaguzi wenyewe ufanyike hivi. Kila mwezi timu ya uboreshaji ubora ichague kwa bahati nasibu mihutasari 20 iliyoandaliwa kwa programu, na michache iliyoandikwa bila programu ili muwe na cha kulinganisha, maana madaktari nao hukosea. Mkaguzi aanze na jalada: karatasi ya dawa, daftari la wauguzi, majibu ya maabara. Aandike mwenyewe mambo matano au sita ambayo lazima yawemo. Kisha ndipo afungue muhtasari. Mpangilio huu una maana kubwa, kwa sababu anayeanza na muhtasari atalitafuta kwenye jalada lile alilolisoma, akilipata ataridhika, na kilichoachwa hatakiona kabisa. Ahesabu vitu vitatu: kilichosemwa bila chanzo, kilichoachwa, na kilichogeuzwa. Kwa kila kosa aseme kama lingemdhuru mgonjwa. Kwa mzee wetu, "sukari ilidhibitiwa vizuri" ni kilichosemwa bila chanzo, ile 2.4 ni kilichoachwa, na "aendelee na dawa zake" ni kilichogeuzwa. Muhtasari mmoja, makosa matatu, na kila moja linahitaji dawa yake.

Msifurahi mapema mkikuta mwezi wa kwanza hauna kosa kubwa. Sifuri katika mihutasari 20 bado inaruhusu kiwango halisi cha makosa kifike karibu asilimia 15. Hesabu rahisi ni kugawa 3 kwa idadi mliyokagua. Mkifikisha 120 baada ya miezi sita bila kosa kubwa, ndipo mnaweza kusema kiwango pengine hakizidi asilimia 2.5. Na hesabu ianze upya kila kampuni inapobadilisha toleo la programu, kwa hiyo mkataba uwalazimishe kuwapa taarifa kabla ya kubadilisha.

Mfumo pia unaweza kuonyesha daktari alikaa muda gani kati ya kufungua rasimu na kusaini. Muhtasari wa kurasa mbili uliosainiwa kwa sekunde kumi haukusomwa. Tumia taarifa hii kwa wodi nzima, siyo kumwinda mtu mmoja. Ukiigeuza fimbo, watu wataiacha rasimu wazi huku wakienda kunywa chai, nawe utakuwa umepoteza kipimo kizuri. Mara nyingi sekunde kumi zina sababu: wodi ya vitanda 40, daktari mmoja, na gari la wagonjwa linasubiri.

Hapo ndipo jibu la nani anawajibika linapoanzia. Daktari aliyesaini anawajibika kwa kilichoandikwa, na akiitwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika hawezi kusema programu ndiyo iliyoandika. Lakini wewe na menejimenti yako mnawajibika kwa mazingira aliyosainia: mlichagua programu ipi, mliipima kwa wagonjwa wenu au mliamini kipeperushi, mlimpa muda wa kuhakiki au mlihesabu muda uliookolewa na kumwongezea wagonjwa. Ukiruhusu programu iandike kifungu cha dawa huku ukijua haisomi karatasi ya dawa, kosa la mzee yule ni la hospitali kabla ya kuwa la intani. Kampuni nayo ibebe sehemu yake kwenye mkataba: kutoa taarifa ya hitilafu walizozipata kwa wateja wengine, kueleza data inahifadhiwa nchi gani, na kutotumia maelezo ya wagonjwa wenu kufundishia programu zao. Mteue mtu mmoja kwa jina, daktari mwenye uzoefu, mwenye mamlaka ya kuisimamisha programu katika wodi siku hiyohiyo bila kusubiri kikao. Kosa moja la dozi, au taarifa za mgonjwa mmoja kuingia kwa mwingine, linatosha kuisimamisha mpaka chanzo kijulikane.

Kuna jambo la kushughulikia wiki hii, hata kabla ya hiyo kampuni. Unaposema vijana wameanza kutumia akili mnemba, nadhani unamaanisha wananakili maelezo ya mgonjwa kwenye programu ya bure iliyo kwenye simu zao. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hakuna mkataba kati ya hospitali yako na mwenye programu hiyo. Waite, bila vitisho, uwaulize wanatumia ipi na kwa kazi gani. Wape katazo lililo wazi: jina, namba ya jalada, kijiji, namba ya simu, au picha ya faili visiingie humo kamwe, na muhtasari wa mgonjwa halisi usiandaliwe huko. Waambie pia kwamba unatafuta njia halali, kwa sababu wanachokikimbia ni kuandika mihutasari kumi saa kumi jioni, na hilo ni tatizo la kweli.

Na wakati huohuo chukua mihutasari iliyokwisha kutoka kwa njia hiyo mwezi uliopita. Anza na wagonjwa wa kisukari, wa figo, wanaotumia wafarini, na watoto wachanga. Linganisha kifungu cha dawa na karatasi ya dawa. Ukikuta kosa, usifute muhtasari wa awali na kuandika mwingine juu yake. Andika nyongeza yenye tarehe ya leo inayosema nini kilikosewa na nini ni sahihi, isainiwe, na nakala iende kituo alikorudi mgonjwa. Kisha mtu ampigie simu mgonjwa au ndugu yake, amwombe alete vidonge karibu na simu, na amsomee kwa majina kipi aache leo. Simu isipopokelewa, mtafute kupitia mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii wa kijiji chake.